Umemdhamini rafiki benki, sasa unataka kutoka

Mtu akifika benki akasema, "Nimekuja kujitoa udhamini," afisa mikopo mzoefu hamjibu ndiyo wala hapana. Humuuliza kwanza alisaini karatasi gani, na kama fedha zimeshatoka. Wengi hawana jibu la swali la kwanza, maana siku ya kusaini walionyeshwa mahali pa kuweka sahihi, wakapiga dole gumba au wakasaini, wakapeana mikono na rafiki yao na kuondoka bila nakala. Miaka miwili baadaye urafiki umepoa, biashara ya rafiki inayumba, na mdhamini anaandika barua ya mistari mitatu: mimi fulani, kuanzia leo najitoa udhamini wa mkopo wa fulani, natanguliza shukrani. Anaipeleka, anapumua, na anaamini yamekwisha.

Kumbe hayajaisha. Barua ya mdhamini ina nguvu halisi kisheria, lakini nguvu hiyo inakwenda mbele tu. Inaweza kuzuia deni jipya lisikuangukie. Deni ambalo tayari lipo haliwezi kufutwa na barua yako peke yako, hata uiandike kwa wino wa dhahabu. Ili kutoka kwenye lile la nyuma unahitaji benki ikuachilie kwa maandishi, au deni lilipwe. Ndiyo maana barua nzuri hufanya kazi mbili zilizo tofauti: inatoa taarifa kuhusu yajayo, na inaomba kuhusu yaliyopita. Anayezichanganya hizo mbili katika sentensi moja hupewa jibu moja, nalo huwa ni hapana.

Kwa Tanzania Bara, mambo haya yamo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo ilitungwa mwaka 1961 kwa kufuata sana sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872. Sheria hiyo inasema mambo mawili ambayo kila mdhamini anapaswa kuyajua kabla hajashika kalamu. La kwanza, wajibu wa mdhamini unalingana na wa mkopaji mwenyewe, isipokuwa mkataba useme vingine. Maana yake benki haidaiwi kwanza iuze friji na pikipiki ya rafiki yako ndipo ikugeukie wewe. Mkopaji akishindwa kulipa, mlango wako unaweza kuwa wa kwanza kugongwa. La pili, na hili ndilo la faraja, dhamana endelevu inaweza kusitishwa na mdhamini wakati wowote, kuhusu miamala ya baadaye, kwa kumpa taarifa mkopeshaji.

Hapo kwenye dhamana endelevu ndipo penye ufunguo. Ukimdhamini rafiki kwa mkopo mmoja wa kiasi maalumu, unaotolewa mara moja na kulipwa kwa marejesho ya kila mwezi, hakuna "miamala ya baadaye" ya kusitisha. Fedha zilikwishatoka siku ile, na ahadi yako iliganda pamoja nazo. Dhamana ya namna hiyo unaweza kuirudisha kwa nguvu kabla benki haijatoa fedha. Ukishasaini Jumatatu na ukabadili mawazo Jumanne, usisubiri Ijumaa. Nenda tawini asubuhi na barua mkononi, hakikisha wanaandika tarehe na saa waliyoipokea, kwa sababu fedha zikiingia kwenye akaunti ya rafiki mchana, saa hizo chache ndizo zitakazoamua.

Dhamana endelevu ni nyingine. Hiyo inafunika mfululizo wa mikopo au akaunti inayopanda na kushuka, kama ovadrafti ya mfanyabiashara, anayechukua na kurudisha, leo anadaiwa milioni tatu na keshokutwa milioni sita. Mdhamini amesimama nyuma ya akaunti nzima mpaka kikomo fulani. Fomu nyingi za udhamini za benki zimeandikwa kwa mtindo huu wa pili hata pale mdhamini anapodhani amedhamini mkopo mmoja tu. Utaona maneno kama "fedha zote ambazo mkopaji anadaiwa sasa au atakazodaiwa wakati wowote baadaye." Ukikuta sentensi hiyo, habari mbaya ni kwamba ulidhamini zaidi ya ulivyofikiri. Habari njema ni kwamba mlango wa kutoka kwa yajayo upo.

Tuchukue mfano, tuupe tarakimu ili tuuone mwili wake. Mwalimu wa sekondari mjini Morogoro alimdhamini rafiki yake mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Benki ilimpa mwenye duka vitu viwili: mkopo wa shilingi milioni 12 wa kulipwa kwa miezi 24, na ovadrafti yenye kikomo cha milioni 8 kwa ajili ya kununulia saruji na nondo. Mwalimu alisaini karatasi moja ya udhamini, endelevu, yenye kikomo cha milioni 20. Sasa anataka kutoka. Siku anayokwenda benki, mkopo umebaki milioni 7 na laki 4, na ovadrafti imetumika milioni 5 na elfu 250. Jumla ya deni analolisimamia ni shilingi 12,650,000. Lakini bado kuna shilingi 2,750,000 za ovadrafti ambazo hazijachukuliwa, na rafiki yake anaweza kuzichota wakati wowote. Vilevile benki inaweza kumwongezea mkopo mpya ndani ya nafasi ya dhamana ile ile.

Barua ya mwalimu inaweza kuzuia zile 2,750,000 na mkopo wowote mpya. Zile 12,650,000 haiwezi kuzigusa.

Kabla ya kuandika chochote, mwalimu anahitaji nakala ya karatasi aliyosaini. Aiombe tawini, kwa maandishi kama hawataki kumpa kwa mdomo; yeye ni sehemu ya mkataba huo na ana haki ya kujua alichosaini. Akishaipata, atafute vifungu vitatu. Kimoja kinasema taarifa zipelekwe wapi: tawini, makao makuu, au idara ya mikopo. Barua iliyopelekwa kwa anwani isiyo sahihi huipa benki sababu ya kusema haikupata taarifa. Kingine kinasema muda wa taarifa. Mkataba mmoja unaweza kusema siku 30, mwingine miezi mitatu, mwingine usiseme kitu. Cha tatu ni kile kinachosema benki inaweza kuongeza muda, kubadilisha riba au kupanga upya marejesho bila kumuuliza mdhamini. Kwa sheria ya kawaida, mkopaji na benki wakibadilisha masharti bila ridhaa ya mdhamini, mdhamini huwa amefunguliwa kwa miamala inayofuata badiliko hilo. Ndiyo sababu benki nyingi huweka kifungu cha kukufanya uikane kinga hiyo mapema. Kama kwenye karatasi yako hakipo, na rafiki alishabadilishiwa masharti bila wewe kujua, una hoja nzito mkononi na ni vema uipeleke kwa wakili kabla ya barua yoyote.

Tuseme kwenye karatasi ya mwalimu muda ni siku 30. Hapa kuna shimo ambalo watu hawalioni. Barua ikipokelewa tarehe 3 Machi, itaanza kufanya kazi tarehe 2 Aprili. Katikati ya siku hizo rafiki yake bado anaweza kuchota zile 2,750,000 zote, na mwalimu akawajibika nazo. Deni lake linaweza kupanda kutoka 12,650,000 hadi 15,400,000, ukiacha marejesho yatakayofanyika katika mwezi huo, wakati yeye anahesabu siku za uhuru. Kwa hiyo barua inapaswa kuiomba benki ikubali kuanza mara moja, au angalau isimamishe uchotaji mpya katika kipindi cha taarifa. Benki hailazimiki kukubali. Lakini mara nyingi itakuwa na sababu zake za kukubali, kwa kuwa benki nayo haipendi kumwaga fedha kwenye akaunti ambayo mdhamini wake yuko mlangoni.

Na kabla ya benki, rafiki mwenyewe. Wengine humficha kwa aibu, wakitumaini benki itamwambia. Naamini hilo ni kosa la kiutu na la kihesabu pia. Benki ikipata taarifa ya mdhamini, inaweza kufunga ovadrafti siku hiyo hiyo, na kama mkataba wa mkopo unaruhusu, ikaita mkopo wote ulipwe. Rafiki aliyeshtukizwa na hundi iliyorudi kwa mwenye saruji hatatafuta mdhamini mwingine. Atatafuta namna ya kujificha, na benki itabaki na wewe. Mwalimu alipaswa kukaa naye, amwambie wazi: "Kaka, sitaweza kuendelea kukudhamini. Natoa taarifa benki wiki ijayo. Nataka tuangalie pamoja nani au nini kitakaa mahali pangu." Katika mazungumzo hayo hayo amwombe jambo moja la msaada mkubwa: barua fupi ya rafiki kwenda benki, inayoiruhusu benki kumpa mdhamini taarifa za akaunti. Benki inabanwa na wajibu wa kutunza siri za mteja wake, na ruhusa ya mteja hufungua vinywa ambavyo vingefumba.

Sasa barua yenyewe. Iandikwe kwa tarehe, ielekezwe kwa meneja wa tawi au ofisi iliyotajwa kwenye mkataba, na kichwa chake kiseme kinachotakiwa bila kuzunguka, kwa mfano: "YAH: TAARIFA YA KUSITISHA DHAMANA ENDELEVU NA MAOMBI YA KUACHILIWA." Kichwa hicho peke yake kinamwambia msomaji kwamba kuna mambo mawili.

Aya ya kwanza ni ya utambulisho, na inapaswa kuwa kavu kama hati. Mwalimu aandike jina lake kamili kama lilivyo kwenye karatasi ya udhamini, si jina analoitwa mtaani, pamoja na namba ya kitambulisho chake cha taifa na anwani anayopokelea barua. Aandike jina la mkopaji na la biashara yake, namba ya akaunti ya ovadrafti, namba ya mkopo, tarehe aliyosaini dhamana na kikomo chake. Benki ina wadhamini wengi, na wengine wana majina yanayofanana. Barua isiyo na namba ya mkopo inaweza kukaa kwenye faili la mtu mwingine huku muda ukikimbia.

Aya ya pili ndiyo taarifa. Iandikwe kwa sentensi zisizoweza kusomwa kwa namna mbili. Mfano wake ni huu: "Kwa barua hii ninatoa taarifa ya kusitisha dhamana hiyo kuhusu mikopo, uchotaji na miamala yote ya baadaye. Usitishaji huu uanze siku mtakayopokea barua hii, au, ikiwa mkataba unataka muda wa taarifa, siku ya mwisho ya muda huo. Kuanzia sasa siridhii mkopaji aongezewe mkopo, aongezewe kikomo, au apewe mkopo mpya kwa kutegemea dhamana yangu." Sentensi ya mwisho ina kazi yake maalumu. Watu wengi wamejikuta wamedhamini mkopo wa pili ambao hawakuujua, kwa sababu mkopo wa kwanza ulipokaribia kwisha rafiki aliongezewa mwingine juu yake, deni la zamani likalipwa na fedha za jipya, na udhamini ukahesabiwa unaendelea.

Aya ya tatu inaomba hesabu. Mwalimu aitake benki imwandikie salio la deni linalofunikwa na dhamana yake siku usitishaji utakapoanza, likigawanywa: mkopo kiasi gani, ovadrafti kiasi gani, riba iliyolimbikizwa kiasi gani, ada na faini kiasi gani. Hili si jambo la kujua tu. Hiyo ndiyo namba ambayo deni lake halipaswi kuvuka tena kwa sababu ya fedha mpya. Riba juu ya deni la zamani inaweza kuendelea kukua, kulingana na mkataba, lakini uchotaji mpya usiongezwe humo. Bila namba hiyo iliyoandikwa, miaka mitatu baadaye kutakuwa na mabishano ya nani alichota nini na lini.

Aya ya nne ni ya akaunti, na hii ndiyo ambayo barua nyingi huikosa. Mwalimu aombe ovadrafti ifungiwe hesabu siku hiyo, na amana zitakazoingia baadaye zihesabiwe kwanza kupunguza deni alilolidhamini. Sababu yake nitaieleza baada ya muda mfupi.

Aya ya tano ni maombi ya kuachiliwa kwa deni lililopo. Hapa lugha inabadilika, kwa sababu sasa mwalimu anaomba. Aseme anaomba kuachiliwa kabisa, na aeleze njia zilizopo: mkopaji amependekeza mdhamini mwingine, au ataweka kitu kingine kama dhamana, au deni litalipwa na kufungwa. Benki haitamwachilia mtu bila kupata kitu mahali pake, hivyo pendekezo lenye jina, kazi na kipato cha mdhamini mpya lina uzito kuliko aya kumi za huruma. Aombe pia kwamba akiachiliwa, apewe barua ya kuachiliwa, arudishiwe karatasi ya udhamini ya asili ikiwa imefutwa, na hati yoyote aliyoweka.

Amalizie kwa kuomba majibu ya maandishi ndani ya siku anazozitaja, na sentensi moja ya kujilinda: kwamba barua hii si kukiri kiasi chochote cha deni, na haiondoi haki nyingine alizo nazo kisheria. Asaini kwa sahihi ile ile iliyoko kwenye udhamini.

Yasiyopaswa kuwemo ni machache lakini yana madhara. Usiandike "nitalipa sehemu yangu" au "nakubali nadaiwa" kabla hujaona hesabu, maana karatasi hiyo inaweza kurudi kama ushahidi. Usimwite rafiki yako tapeli wala mlevi. Benki haihitaji sababu zako ili taarifa ifanye kazi, na maneno hayo yanaweza kukuletea kesi nyingine. Na usiandike kwamba unajitoa kuanzia mwaka jana. Tarehe ya nyuma haina nguvu, na inaipa benki sababu ya kuona barua nzima haikuandikwa kwa makini. Kuna hali moja ambapo sababu lazima zitajwe: kama ulisainishwa kwa kudanganywa na benki, au benki ilinyamazia jambo kubwa ililolijua kuhusu mkopo huo. Dhamana iliyopatikana hivyo inaweza kuwa batili kabisa, na hiyo ni barua nyingine ya kuandikwa na wakili.

Barua ipelekwe kwa mkono nakala mbili. Moja inabaki benki. Nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na aliyepokea aandike jina lake. Karani akisema "iache tu mwalimu, nitampa meneja," mjibu kwa upole kwamba utasubiri muhuri. Ikiwa mkataba unataka makao makuu, tuma kwa njia ya posta au kampuni ya kusafirisha vifurushi inayotoa risiti na uthibitisho wa kufikishwa, na risiti uibane nyuma ya nakala yako. Barua pepe iwe nyongeza, isiwe badala yake, isipokuwa mkataba unairuhusu. Ujumbe wa simu kwa afisa mikopo, hata akijibu "sawa mwalimu," si taarifa ya kutegemea.

Sasa turudi kwenye ile aya ya nne. Mwaka 1816 mahakama ya Uingereza, katika kesi inayojulikana kama ya Clayton, iliweka kanuni kuhusu akaunti inayopanda na kushuka: kama hakuna makubaliano mengine, fedha zinazoingia hulipa kwanza deni lililotangulia kuingia. Sheria yetu ya mikataba nayo ina mwelekeo huo, kwamba malipo yasiyoelekezwa na yeyote hulipa madeni kwa kufuata utaratibu wa muda. Kwa mdhamini aliyetoa taarifa hii ni neema. Siku ya usitishaji ovadrafti ni 5,250,000. Mwezi unaofuata rafiki anaweka mauzo ya shilingi 2,000,000, halafu anachota 2,000,000 kununua mabati. Kwenye karatasi ya benki salio ni lile lile 5,250,000. Lakini kwa kanuni hiyo, zile 2,000,000 zilizoingia zililipa deni la zamani, na zilizotoka ni deni jipya ambalo mwalimu halimhusu. Wajibu wake kwenye ovadrafti umeshuka hadi 3,250,000. Miezi michache ya mauzo ya namna hiyo, na sehemu yake ya ovadrafti inaweza kwisha yote bila mtu kulipa senti ya ziada.

Benki zinalijua hilo vizuri. Ndiyo sababu fomu zao nyingi zina kifungu kinachoiruhusu benki, ikipata taarifa ya mdhamini, kufunga akaunti ya zamani na kumfungulia mkopaji akaunti mpya. Amana zinaingia kwenye mpya, deni la zamani linabaki pale pale likikua riba, na mdhamini bado yuko nyuma yake. Kama kifungu hicho kipo kwenye karatasi yako, ombi la aya ya nne linaweza kukataliwa, lakini liandike hata hivyo, na mwombe rafiki yako aelekeze kwa maandishi kwamba amana zake zilipe deni la zamani kwanza. Kama kifungu hakipo, ombi hilo ni la thamani kubwa, na taarifa za akaunti za kila mwezi ndizo ushahidi wako.

Benki itajibu kwa njia moja kati ya kadhaa. Inaweza kukubali usitishaji na kukupa salio, ikikataa kukuachilia kwa deni la nyuma. Hilo ni jibu la kawaida na halina ubaya. Angalau sasa una ukomo. Inaweza kukuita pamoja na rafiki yako kujadili mdhamini mpya. Au inaweza kukaa kimya. Ukimya haufuti taarifa iliyopokelewa kwa muhuri, lakini andika barua ya kukumbusha ukirejea ile ya kwanza na tarehe yake, kisha peleka lalamiko kwenye ofisi ya malalamiko ya benki yenyewe. Wasipokujibu hapo, Benki Kuu ya Tanzania hupokea malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha ambao wameshaanzia kwa benki yao bila kupata suluhu, na nakala zako zenye mihuri ndizo zitakazosomwa.

Barua ya kuachiliwa ikija, isome kama ulivyopaswa kusoma udhamini. Itaje jina lako, tarehe ya dhamana, na iseme huwajibiki tena kwa deni lililopo na lijalo la mkopaji huyo. Barua inayosema tu "tumepokea mdhamini mpya" haijakuachilia. Kama uliweka nyumba au kiwanja, kurudishiwa hati miliki mkononi hakutoshi. Rehani iliandikishwa kwa Msajili wa Hati, na inapaswa kufutwa hapo kwa hati ya kuondoa rehani iliyosainiwa na benki. Fanya uchunguzi wa hati kwa Msajili baadaye, uone kwa macho yako kwamba jina la benki halimo tena.

Limebaki moja kwa walio wadhamini zaidi ya mmoja. Tuseme mwalimu na shemeji wa mwenye duka walisaini pamoja, na benki ikamwachilia mwalimu peke yake. Sheria inasema kumwachilia mdhamini mmoja hakuwafungui wenzake, na wala hakumwondolei aliyeachiliwa wajibu wake kwa wadhamini wenzake. Kwa tafsiri ya maisha, shemeji akija kulipa deni lote peke yake, anaweza kumrudia mwalimu amchangie sehemu yake, hata kama mwalimu ana barua nzuri ya benki ndani ya kabati. Ili kufunga mlango huo, mwalimu anahitaji sahihi ya shemeji pia: karatasi fupi, iliyoshuhudiwa, inayosema kwamba shemeji anajua mwalimu ameachiliwa, anakubali, na hatamdai mchango wowote kwa mkopo huo. Shemeji hatasaini bila kuuliza nani anachukua nafasi ya mwalimu, na ana haki ya kuuliza. Ndiyo sababu mdhamini mpya atafutwe mapema, naye apewe nakala ya kila karatasi siku ile ile atakayosaini.